Viazi na makaroni vya jana: wanga sugu ni nini?

"Assalamu alaykum. Niko Lamu, mamangu ana sukari. Nasikia viazi au makaroni vikilala kwenye friji havipandishi sukari kama vya moto, hata ukivipasha. Ni kweli? Na huo wanga sugu ndio nini?"

Wa alaykum salaam, dada. Ni kweli, lakini tofauti ni ndogo kuliko inavyosemwa, na kwa joto letu la pwani kuna hatari ndani yake.

Wanga wa kiazi kibichi umefungamana ndani ya chembe ngumu. Ukichemsha, chembe hunywa maji, huvimba na kulegea, na vimeng'enya vya tumbo huuvunja upesi kuwa sukari. Kiazi kikipoa, nyuzi za wanga hurudi kujipanga na kukamatana. Sehemu iliyojifunga hivyo vimeng'enya haviiwezi. Hupita utumbo mwembamba bila kumeng'enywa hadi utumbo mpana, ambako bakteria huichachua na kutoa asidi, mojawapo ya butiriki, ambayo seli za ukuta wa utumbo huitumia kama chakula. Wanga wa namna hiyo ndio sugu. Ndizi mbichi nazo zinao, ila wake ni wa asili na sehemu kubwa hupotea ukizipika.

Sasa, kwa nini kupasha hakufuti kazi yote? Wanga una nyuzi za aina mbili. Amilosi ni ndefu na zimenyooka, hujifunga katika saa chache za kupoa, na moto wa sufuria hauzifungui tena kwa sababu zinahitaji zaidi ya nyuzi joto 100. Amilopektini zina matawi mengi, hujifunga polepole kwa siku kadhaa, na moto wa kawaida huzilegeza. Hilo utaliona mwenyewe: kipande cha kiazi cha jana hukatika safi kwa kisu, kingo zake kavu na ngumu kidogo, kipashe, kitalainika tena. Ulaini huo ni wa amilopektini. Amilosi imebaki pale pale.

Kwa vipimo vilivyofanywa, gramu 100 za kiazi cha moto zina kama gramu 3 za wanga sugu, cha baridi gramu 4 na kitu, na kilichopashwa hubaki katikati. Mama akila sahani ya gramu 200, wanga wote ni kama gramu 35 hadi 40, na baridi imeongeza gramu mbili tatu tu za usiomeng'enywa. Ndiyo maana nasema kipimo cha sahani kina uzito kuliko friji. Makaroni nayo huongezewa kidogo na baridi, lakini tayari ina faida yake: unga wake umeshikana, hivyo isipikwe hadi ilegee. Tambi iliyorojeka hupandisha sukari upesi zaidi.

Ukitaka kujaribu, chukua kilo moja ya viazi, chemsha na maganda hadi kisu kipite bila kusukumwa, mwaga maji, menya na ukate vipande. Usiviponde, kwani kuponda huharakisha umeng'enyaji. Vitandaze kwenye sinia pana, si kuvirundika kwenye bakuli, na ndani ya saa moja viingie friji yenye nyuzi joto 4 au chini. Viache saa 24. Friza haifai kwa kazi hii. Maji yakiganda, nyuzi haziwezi kusogea zijipange. Unapoandaa, tia siki au ndimu, kitunguu na bizari nyembamba. Siki ina nguvu yake yenyewe, maana hupunguza kasi ya tumbo kutoa chakula.

Hapa ndipo watu hukosea. Sufuria iliyoachwa mezani hadi asubuhi msimu wa kaskazi si "kupoza". Wapo bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, kisha huamka chakula kikiwa vuguvugu na kutoa sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Wali ndio mashuhuri kwa hilo, lakini makaroni na viazi pia. Umeme ukikatika usiku na hujui friji ilikaa vuguvugu saa ngapi, mwaga. Asiye na friji apike kiasi cha kuliwa leo, asipoze kitu.

Kujua kama vinamfaa mama, mpime. Siku moja mpe gramu 200 za moto, siku nyingine gramu 200 zilizolala, saa ile ile, kitoweo kile kile. Pima kabla ya kula, halafu saa mbili baada ya tonge la kwanza. Rudia mara tatu kila aina, kwa kuwa mashine yenyewe huyumba kidogo. Tofauti ya 0.5 mmol/L usiihesabu kitu. Dawa au insulini msiipunguze kwa sababu ya viazi baridi; hilo ni la daktari wake. Akianza kujaa gesi, ni ule uchachuaji wa utumbo mpana: anzeni na nusu sahani, muongeze taratibu.