Slaidi ya Mwisho Isimuage Mtazamaji

Nilipoanza kuwatengenezea wauza asali wa hapa Tabora machapisho ya slaidi za Instagram, kila chapisho nililifunga kwa maneno "Asante kwa kutazama", na chini yake nikapanga maombi matano: penda, toa maoni, hifadhi, sambaza, tufuate. Watu walifika mwisho wakaondoka. Baadaye nilielewa kwamba mgeni aliyekwisha kuagwa hana sababu ya kuendelea kukaa, na kwamba anayeombwa mambo matano kwa pamoja hatendi hata moja.

Ombi liwe moja, nalo litokane na lini au kwa nani maelezo yako yatahitajika. Chukua chapisho letu la asali iliyoganda. Slaidi za mwanzo zinaeleza kwamba asali huganda kwa sababu glukosi hujitenga ikawa chembe, si kwa sababu imechanganywa na sukari, na kwamba chupa huwekwa ndani ya maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, bila kuchemshwa. Anayesoma mwezi Oktoba, Tabora ikiwaka jua, hana shida hiyo. Ataipata Juni au Julai baridi ikiingia. Hapo ndipo penye sababu ya kuhifadhi, kwa hiyo niliandika: "Hifadhi hatua hizi. Baridi ya Juni ikigandisha chupa yako, utazifungua ukiwa jikoni." Ukiandika tu "Hifadhi kwa matumizi ya baadaye", mtu haoni hayo matumizi. Juu ya sentensi hiyo nilirudia hatua tatu kwa ufupi, ili slaidi yenyewe iwe na kitu cha kuhifadhi, kisha nikachora mshale kuelekea alama ya utepe iliyo chini ya picha, upande wa kulia.

Ukitaka watu wasambaze, mtaje mpokeaji kwa hali yake: "Mtumie yule anayerudisha asali dukani kila ikiganda." Msomaji humkumbuka shangazi yake papo hapo. Kwa maoni, swali la "Mnaonaje?" ni zito kwa mtu aliyeshika simu kwa mkono mmoja, niliuliza badala yake, "Iliyoganda kwako uliila au uliimwaga?", ambalo hujibiwa kwa neno moja. Ukiuliza hivyo, hakikisha upo ili kujibu, maana swali lisilo na mwenyeji hunyamaza haraka.

Katika kupima, usihesabu waliopenda. Fungua takwimu za chapisho, ugawanye idadi ya waliohifadhi kwa idadi ya waliofikiwa: tuseme 12 kati ya 400, ambayo ni asilimia 3, kisha ulinganishe na machapisho yako mwenyewe ya aina hiyo hiyo. Hutaona majina ya waliohifadhi, bali idadi tu. Ikiwa idadi haipandi hata baada ya kubadilisha ombi mara mbili tatu, rudi kwenye slaidi ya kwanza na ya pili, kwa kuwa huenda wengi hawafiki mwisho. Nami hulirudia ombi lile lile katika mstari wa kwanza wa maelezo ya chini kwa ajili yao.