Saa tatu zilizofichwa ndani ya «-ka-»

Swali: Ninaandika hadithi ndefu ya karani wa chama cha msingi huku Tandahimba, anayesimulia mwenyewe jinsi magunia kumi na mawili ya korosho yalivyotoweka ghalani. Kumbe ndiye aliyeyauza kwa kangomba, wale wanunuzi wa magendo. Rafiki zangu waliosoma rasimu, wengine walimgundua ukurasa wa pili, wengine wanasema mwisho umewatapeli. Nirekebishe wapi?

Jibu: Ndugu, malalamiko hayo mawili yana chanzo kimoja. Karani wako anadanganya waziwazi. Katika rasimu uliyonitumia anaapa kwamba hakurudi ghalani usiku ule, ilhali hakuna aliyemuuliza. Msomaji mwepesi anashtuka mtu anapojitetea kabla ya kushtakiwa. Yule mwingine anakiamini kiapo, kisha mwishoni anaona kwamba hakuwa na njia yoyote ya kujua ukweli. Msimulizi asiyeaminika hufanya kazi vizuri zaidi anaposema mambo ya kweli na kuruka yale yanayomchoma.

Kiswahili kinakupa chombo kizuri cha kurukia, nacho ni kiambishi «-ka-». Tazama ufunguzi huu niliouandika upya: «Tulipima mpaka jua likazama, nikafunga ghala, nikaenda nyumbani, nikala ugali wa muhogo aliouacha mama, nikalala.» Hakuna neno la uongo hapo. Lakini «-ka-» hueleza tu kwamba jambo moja lilifuata jingine, wala halisemi kulikuwa na muda gani kati yao, na sikio letu lililozoea ngano hulijaza pengo lenyewe. Kati ya «nikafunga» na «nikaenda» zimo saa tatu: gari la kangomba likafika, kufuli likafunguliwa tena, magunia yakapakiwa. Kabla ya kuandika lolote, jiandikie usiku huo kama ulivyotokea kweli, saa kwa saa, na karatasi hiyo usimwonyeshe mtu.

Ufa wa kwanza, yaani dokezo la kumfanya msomaji aanze kumshuku karani, uweke mbali na wizi. Tuseme katika sura ya tatu karani anaeleza namna mama yake anavyomjali, akataja kwamba usiku ule alikuta chakula kimefunikwa kawa, ugali umekuwa mgumu, na mama amekwisha lala. Mahali pengine, kwa sababu nyingine kabisa, msomaji amekwisha kuambiwa kwamba mama huyo halali kabla ya kuswali isha, na kwamba kutoka ghalani hadi nyumbani ni mwendo wa robo saa. Mwezi wa kumi jua la Mtwara huzama karibu saa kumi na mbili jioni. Msomaji makini atarudi nyuma kuhesabu. Asiye makini atabaki na kitu kinachomkera bila kukijua. Muhimu ni kwamba ufa huo uwe na maelezo yasiyo na hatia, kwani huenda mama alikuwa mgonjwa siku hiyo. Shaka isiyo na maelezo mbadala ni ushahidi, na ukishautoa ushahidi hadithi imekwisha.

Ufa wa pili uwe mzito zaidi, na hapa korosho zenyewe zitakusaidia. Karani anasema alisikia pikipiki ikipita usiku, labda ndiyo ya wezi. Gunia moja lina takriban kilo 80, hivyo kumi na mawili yanakaribia tani nzima, na msomaji wa Newala au Nachingwea hahitaji kuambiwa kwamba mzigo huo haubebwi na pikipiki. Mtu aliyepima korosho msimu mzima hawezi kukosea hesabu hiyo, kwa hiyo msomaji anaanza kujiuliza kwa nini anataka sisi tuikosee. Usimlete mjumbe wa kamati aje kuisema kwa sauti. Ungemnyang'anya msomaji ugunduzi wake.

Lipo pia suala la kauli za vitenzi. Karani anapoeleza kazi yake anasema «nilipima», «niliandika», «nilitia sahihi». Akifika kwenye hasara, mtenda anapotea: «magunia yalipungua», «kufuli lilikutwa limefungwa». Badiliko hilo lifanye mara tatu au nne tu, na pale pale penye aibu, maana sentensi zisizomtaja mtenda ni za kawaida sana katika lugha yetu, na ukizisambaza kote hazitamstua mtu.

Rasimu mpya ikiisha, wape watu watatu ambao hawajaisoma, ukiwaomba jambo moja tu: waweke alama ya penseli mahali walipoanza kutomwamini karani. Alama zote zikiangukia ukurasa mmoja, ufa wa hapo ni mkubwa mno. Zikiwa zote mwishoni, urudi kwenye ule ugali.

Kuhusu ungamo la ukurasa wa mwisho, mimi ningelifuta. Ningemfanya arudie sentensi yake ya kwanza, safari hii akiikata: «Nilifunga ghala. Baadaye nilienda nyumbani.»