Piga picha kabati lote kabla hujaenda Karume

Belo la blauzi za mitumba likimwagwa asubuhi pale soko la Karume, Ilala, hakuna anayekungoja utafakari. Mikono inaingia kutoka kila upande, muuzaji anaita bei, na wewe una muda mfupi mno wa kuamua. Katika haraka hiyo jicho hukimbilia lilichokizoea. Mpenda nyeusi anaokota nyeusi, mpenda maua madogo anaokota maua madogo, na kila mmoja anaona amepata kitu kipya. Mimi huwa naamua nikiwa bado nyumbani, simu mkononi, kwa kupitia picha za kila nguo niliyonayo.

Nikisema kila nguo namaanisha pia zile zilizo kwenye begi juu ya kabati, zilizoko kwa fundi, na zile unazosema utavaa ukipungua. Usijaribu kumaliza kwa siku moja. Anza na nguo za juu, yaani blauzi, mashati na fulana, kwa sababu huko ndiko kwenye nguo pacha nyingi. Sketi na suruali zifuate, kisha magauni na madera, mwisho mitandio.

Picha lazima ionyeshe rangi ya kweli, la sivyo haitakusaidia sokoni. Piga mchana karibu na mlango au dirisha, pasipo jua kali la moja kwa moja, na uzime taa. Taa ya njano huifanya nyeupe ionekane krimu, na pinki ionekane kama rangi ya embe. Mimi natundika shuka jeupe ukutani, napachika henga mbele yake, na kusimama palepale kwa kila nguo. Nikisimama umbali uleule naweza kulinganisha urefu wa gauni moja na jingine bila kufungua kabati.

Nguo nyeusi na za bluu iliyoiva ndizo zinazosumbua. Nyeusi ikijaa kwenye kioo cha simu, kamera hudhani kuna giza, inaongeza mwanga, na nguo inatoka kijivu. Shuka jeupe likichukua sehemu kubwa ya picha, kamera hupunguza mwanga, na bluu yako inaonekana nyeusi tii. Kwenye simu nyingi ukigusa nguo kwenye kioo kitatokea kialama cha jua; kivute juu au chini mpaka mishono ionekane huku shuka likibaki jeupe. Halafu ishike nguo yenyewe kando ya picha, uone kama zinafanana. Kwa bluu iliyoiva mimi huning'iniza mkanda mweusi pembeni. Ukiwa na kitu cheusi ndani ya picha hiyohiyo, huwezi kudanganyika.

Baada ya picha ya nguo nzima, piga ya pili kwa kila nguo inayokukaa vizuri kuliko zote za aina yake. Itandaze kitandani, pitisha futi ya fundi kutoka kwapa hadi kwapa, na kwa sketi au suruali pitisha kiunoni, namba zisomeke. Lebo za mitumba hazitoki nchi moja: saizi 12 ya Uingereza inakaribia 8 ya Marekani na 40 ya nchi nyingi za Ulaya, na juu ya hapo nguo nyingine zimeshafuliwa zikarudi. Sokoni mara nyingi hakuna pa kujaribia. Ukiwa na futi kwenye mkoba na picha hiyo kwenye simu, unaipima blauzi ya mezani kwa namna ileile, na jibu unalipata hapohapo.

Kanga zina utaratibu wake. Ikiwa imekunjwa huoni ila kipande cha pindo, na mapindo mengi yanafanana. Ifungue yote, ili mji na jina vionekane katika picha moja. Jina peke yake halitoshi kukuambia kama tayari unayo, kwa kuwa muundo uleule na jina lilelile hutolewa katika rangi kadhaa. Andika chini ya picha kama doti bado haijakatwa, au kama kipande kimoja ulishampa mtu. Vitenge ambavyo havijashonwa navyo vipige picha, ukiandika yadi zilizobaki. Kitenge cha yadi sita kikitoa gauni, kipande kinachorudi kutoka kwa fundi husahaulika haraka, na hicho ndicho kingetosha mikono ya blauzi au kilemba.

Sasa kazi yenyewe. Fungua albamu ya nguo za juu, uzipange kwa rangi, kisha uzitazame zote pamoja zikiwa ndogondogo kwenye kioo. Kwangu nyeusi zilijitokeza kama kundi: moja ya shifoni yenye mikono mirefu, mbili za pamba zenye shingo ya duara, na moja ya kufunga shingoni. Hapo usikimbilie kusema nne ni nyingi. Jiulize kila moja inafanya kazi gani. Ya shifoni naivaa kwenye shughuli, ya kufunga shingoni naivaa chini ya koti ofisini. Zile za pamba zinafanya kazi moja, lakini zinafuliwa kwa zamu kila wiki, hivyo zote zinahitajika. Pacha wa kuogopa ni yule anayefanya kazi ya mwenzake halafu hatoki kabatini. Picha zilinionyesha kwamba shida yangu haikuwa nyeusi, ilikuwa mashati ya mistari ya bluu. Nilikuwa na matatu, na mkono uliendea moja tu. Mawili nikayagawa.

Kupanga mavazi naanzia chini. Nachukua picha ya sketi, tuseme ya kitenge cha kijani chenye haradali, naipitisha chini ya kila blauzi na kuziunganisha zinazopatana kuwa picha moja. Sketi hiyo ilipata nyeusi ya pamba, nyeupe ya mikono mifupi, na ya haradali. Suruali ya kahawia ilipata moja tu. Basi nikajua kinachokosekana: blauzi ya krimu, isiyo na maua, inayofaa suruali ya kahawia na pia sketi ya kijani. Sharti langu ni kwamba nguo mpya ipatane na angalau nguo mbili za chini ambazo tayari ziko kwenye simu. Nikifika Karume nikiwa natafuta krimu, rundo la nyeusi halinishiki tena.

Picha haikuambii kila kitu. Haionyeshi kwamba kitambaa kinakwaruza, kinabana jasho, au kinaonyesha mwili ukisimama juani, kwa hiyo yaandike hayo chini ya picha kwa maneno mawili matatu. Na usitembee na simu wazi katikati ya msongamano wa soko. Andika orodha fupi kwenye karatasi, na ukitaka kuhakikisha jambo, ingia dukani au kaa pembeni kwanza. Albamu iwe imehifadhiwa ndani ya simu yenyewe, maana bando linaweza kuisha ukiwa katikati ya biashara.

Nguo mpya ipige picha siku hiyohiyo, kabla haijaingia kabatini. Unapogawa nguo, futa picha yake kabla haijatoka mlangoni. Albamu ikibaki na nguo ambazo hunazo, utaacha kununua shati jeupe unalolihitaji kwa kudhani lipo, kumbe liko kwa mdogo wako Morogoro.