Flashi ya Windows haionekani kwenye boot menu

Swali: Mkuu habari, nimekopi ISO ya Windows 10 kwenye flashi ya GB 16, nikiwasha laptopu nikabonyeza F9 flashi haipo. Nikarudia kwa programu ya Rufus nikachagua MBR, bado haipo. Laptopu ni HP, diski ina picha za familia sitaki zipotee. Flashi imekufa?

Jibu: Salama mkuu. Flashi nadhani ni nzima, maana Rufus imeiandika bila kulalamika. Mara ya kwanza uliweka faili moja la .iso ndani ya flashi, na laptopu ikiwaka haiwezi kulifungua hilo, yenyewe inatafuta vitu vilivyoandikwa kwa mpangilio wake tu. Mara ya pili mpangilio ulikuwepo ila ni wa mashine za zamani. Ukichagua MBR, Rufus nayo inaweka Target system kuwa BIOS, yaani flashi inaandaliwa kuwaka kupitia sekta yake ya kwanza kabisa, na laptopu iliyowekwa UEFI peke yake, yaani mfumo mpya wa kuwasha uliorithi BIOS, haiangalii huko, inaingia kwenye partisheni ya FAT32 kutafuta faili hili:

```
\EFI\BOOT\BOOTX64.EFI
```

Isipolipata, flashi haiorodheshi kabisa, wala haikuambii kuna tatizo.

Sasa hapa ndo uwe makini sana. Kuna mtu atakwambia ingia BIOS uwashe Legacy, ule uwashaji wa kizamani, na kweli flashi itatokea, utafurahi, ila ukifika kuchagua diski Windows itagoma ikisema diski ni ya GPT, yaani mpangilio wa partisheni unaoenda na UEFI, halafu wengi wanafuta partisheni zote ili iendelee na picha zinaondoka hapohapo. Usifike huko. Kama Windows ya sasa bado inawaka bonyeza Windows+R, andika `msinfo32`, usome pale BIOS Mode. Ikisema UEFI, flashi nayo iwe ya UEFI, basi.

Rudi Rufus, chagua ISO, weka Partition scheme iwe GPT, Target system itajiweka UEFI (non CSM), bonyeza START. Hapo flashi inafutwa yote, kwa hiyo kama kuna kitu chako toa kwanza. File system iache Rufus ichague yenyewe, kwa sababu FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4 na install.wim, faili kubwa lenye Windows yenyewe, mara nyingi inapita hapo, ndo maana Rufus inatumia NTFS na kuongeza kipartisheni kidogo cha FAT kinachoiwashia. Tumia Rufus mpya, zile za zamani hicho kipartisheni kilikuwa kinakataliwa na Secure Boot.

Ikimaliza fungua flashi, uone folda za boot, efi na sources. Zima laptopu, washa, F9, chagua flashi iliyo upande wa UEFI. Ila kabla ya kubonyeza Install hamisha hizo picha kwenye diski ya nje, kwa sababu ukikosea partisheni kule mbele hata flashi iliyoandikwa vizuri haitakurudishia.