Barua pepe ya kufowadiwa kwa anayeshika bajeti

Mtu wako wa ndani ya ofisi ya mteja anaikubali kazi yako, ila hasaini malipo. Anakuambia, "Niandikie kitu kifupi nimpelekee mkurugenzi wa fedha." Wengi hapo hujibu kwenye mazungumzo yaleyale ya barua pepe, na hilo ndilo kosa la kwanza. Akiifowadi, mkurugenzi atasoma na yaliyo chini: bei ya mwanzo mliyoibishania, malalamiko kuhusu fundi wa zamani, pengine hata maneno juu yake mwenyewe. Anza barua mpya isiyo na historia. Shukrani na salamu zipeleke kwa WhatsApp.

Tuchukue mfano wa kampuni ndogo ya Dar es Salaam inayohudumia viyoyozi. Mtu wao wa ndani ni msimamizi wa majengo. Kwenye WhatsApp wanamwita Dada Rehema, lakini kwenye barua hii ni Bi. Rehema, kwa sababu atakayeisoma mwishowe hamjui mwandishi.

Kichwa: Huduma ya viyoyozi 40: sh. 5,664,000 kwa mwaka

"Bi. Rehema, habari za kazi.

Mwaka jana ofisi yenu ilibadilisha kompresa 5 kwa sh. 3,250,000. Viyoyozi vyote 40 sasa vina miaka saba, umri ambao vinahitaji kusafishwa na kupimwa gesi kila miezi mitatu.

Tunapendekeza huduma mara nne kwa mwaka, sh. 30,000 kwa kiyoyozi kila mara. Jumla ni sh. 4,800,000, na pamoja na VAT ya asilimia 18 ni sh. 5,664,000, kwa awamu nne za sh. 1,416,000. Vipuri havimo, kila kipuri kitaombewa kibali kwanza.

Tunaomba idhini ya awamu ya kwanza pekee ifikapo Ijumaa tarehe 14, ili kazi ifanyike Jumamosi tarehe 22 ofisi ikiwa imefungwa."

Chini yake kuna jina, simu, TIN na VRN. Basi.

Kichwa kimebeba idadi na fedha kwa sababu simu hukata kichwa kirefu, na "Fwd:" nayo inakula nafasi. Ukiandika "Kufuatia mazungumzo yetu", mkurugenzi ambaye hakuwepo kwenye mazungumzo hana sababu ya kuifungua.

Sentensi ya kompresa ndiyo ngumu kuliko zote. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba ziliharibika kwa kukosa huduma, na pengine ni kweli, lakini msimamizi wa huduma hiyo ni Bi. Rehema mwenyewe. Barua inayomshtaki kwa bosi wake hataifowadi, na hatakuambia kwa nini. Utaona tu kimya, au "bado nalifanyia kazi" wiki baada ya wiki. Kwa hiyo taja gharama na umri wa mashine, halafu uache lawama. Hiyo takwimu nayo iombee ruhusa kabla ya kuiandika, na umwombe aihakikishe. Mkurugenzi wa fedha ataitafuta kwenye vitabu vyake, na isipolingana atakayeitwa kujieleza ni Bi. Rehema.

Bei iandikwe na VAT ndani, kwa sababu hiyo ndiyo fedha itakayotoka benki. Ukiandika "bila VAT", kibali kinatolewa kwa sh. 4,800,000, ankara inakuja ya sh. 5,664,000, na mtu wako anarudi kuomba nyongeza kwa aibu. Sema pia kisichomo. Hapa vipuri vimetajwa kwa sentensi moja, na sentensi hiyo inazuia ugomvi wa miezi sita mbele.

Ombi liwe moja na dogo. Awamu ya sh. 1,416,000 huenda iko ndani ya uwezo wa mkurugenzi kuidhinisha peke yake, wakati mkataba wa mwaka mzima unaweza kumlazimu kuupeleka kwenye kamati. Muulize Bi. Rehema kikomo hicho ni kiasi gani kabla hujagawa awamu. Muulize pia bosi husoma barua za kazi kwa Kiswahili au Kiingereza, uandike kwa lugha hiyo.

Kiambatisho kiwe PDF moja ya ukurasa mmoja yenye hesabu hiyohiyo, au kisiwepo kabisa. Kiungo kinachodai nywila hakitafunguliwa.

Usimweke mkurugenzi kwenye nakala. Ukifanya hivyo umemruka Bi. Rehema, na neno lake la kukutambulisha halipo tena. Siku tatu za kazi zikipita, mpigie yeye umuulize kama kuna swali limerudi. Kama limerudi, liandikie jibu la mistari miwili mitatu kwenye barua nyingine safi, naye ataifowadi kama ya kwanza.