Hisa stahiki: punguzo halina mahali pa kuandikwa

Kila msimu wa kufunga hesabu hapa Dodoma tunapokea vijana kutoka UDOM na CBE, wengi wao wakiwa katikati ya mitihani ya NBAA, na kila msimu ninakuta kosa lile lile katika karatasi za kazi. Wadogo zangu, ninawapenda na ninajua mnachoka, lakini nimechoka zaidi kulifuta kosa hili kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo ninaliandika mara moja, nanyi mtawasomea watakaofuata.

1. Punguzo la bei ya soko haliingii vitabuni.

Chukueni kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, yenye hisa milioni 10 ambazo thamani yake ya jina ni Sh500 kila moja. Hisa hizo zinauzwa sokoni kwa Sh1,600. Kampuni inatoa hisa stahiki, yaani inawapa wanahisa wake haki ya kununua hisa mpya 1 kwa kila hisa 4 walizonazo, kwa Sh1,200, na wote wanazichukua. Hisa mpya ni milioni 2.5 na fedha inayopokelewa ni Sh bilioni 3. Maingizo ni mepesi: debiti benki Sh bilioni 3, krediti mtaji wa hisa Sh bilioni 1.25, ambayo ni thamani ya jina, na krediti premiamu ya hisa Sh bilioni 1.75 iliyobaki. Hakuna mstari wa nne.

Kijana mmoja wa ofisini kwetu, tena mwenye akili nyingi, aliuona mstari wa nne. Aliona kwamba hisa yenye bei ya Sh1,600 imetolewa kwa Sh1,200, akazidisha Sh400 kwa hisa milioni 2.5, akapata Sh bilioni 1, akaiita gharama ya punguzo na kuidebiti katika taarifa ya mapato. Ili pande mbili zilingane, premiamu ikapanda hadi Sh bilioni 2.75. (Tarakimu nimezibadilisha ili faili lisijulikane, lakini mantiki ni ile ile.) Urari ukakubali. Nilipomuuliza, alinijibu kwa heshima zote, “Shikamoo, mzee, lakini urari umekaa sawa.” Nikaitikia marahaba, kisha tukaketi.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba hata mizania hailifichui. Faida limbikizi inapungua kwa bilioni moja, premiamu inaongezeka kwa bilioni moja, na jumla ya mtaji wa wanahisa inabaki ile ile ambayo ingepatikana kwa maingizo sahihi. Fedha benki nayo ni sahihi. Mkaguzi anayetazama jumla tu atatia saini akaenda kunywa chai. Lakini faida limbikizi ndiyo chanzo cha gawio, na premiamu haigawiwi kama gawio. Kwa hiyo kijana wetu alikuwa amehamisha Sh bilioni 1 kutoka mahali ambapo wanahisa wangeweza kulipwa na kuifungia mahali ambapo hawawezi kuigusa kwa namna hiyo. Kampuni iliyokuwa na faida ya Sh bilioni 1.4 ikaonekana imepata milioni 400, na makadirio ya kodi ya mapato, ambayo huanzia kwenye faida ile ya vitabuni, yakawa tayari yameambukizwa.

Kwa nini si gharama? Kwa sababu anayepewa bei nafuu ndiye huyo huyo mwenye kampuni. Mwanahisa mwenye hisa 4 alikuwa na mali ya Sh6,400. Anaongeza Sh1,200 kutoka mfukoni, na sasa ana hisa 5 zenye thamani ya Sh7,600, yaani Sh1,520 kwa hisa. Bei ya nadharia imeshuka kwa Sh80, lakini yeye hakupata wala hakupoteza. Asiyetaka kununua anaweza kuiuza haki yake pale masharti ya toleo yanapomruhusu, na asipofanya lolote hisa zake za zamani ndizo zinazopungua thamani. Hilo ni jambo kati ya mwanahisa na mwanahisa, na vitabu vya kampuni havishuhudii ugomvi wao. Benki ya CRDB ilipotoa hisa stahiki mwaka 2015, hisa 1 kwa kila 5 kwa Sh350, kilichohusu maingizo yake ni hiyo Sh350, si bei ya sokoni siku ile.

Kipimo cha kuligundua ni rahisi. Gawanya ongezeko la premiamu, kabla ya kuondoa gharama za utoaji, kwa idadi ya hisa mpya, kisha ongeza thamani ya jina. Katika faili lile nilipata Sh1,100 na Sh500, jumla Sh1,600, wakati waraka wa matarajio unasema kila mtu alilipa Sh1,200. Mtu gani huyo aliyelipa Sh1,600? Kijana alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akaomba faili lake.

Bei ya Sh1,520 msiitupe, kwa sababu inahitajika katika hesabu ya faida kwa kila hisa. Faida kwa hisa ya miaka iliyopita huzidishwa kwa 1,520 na kugawanywa kwa 1,600, hivyo Sh100 ya mwaka jana inaoneshwa upya kuwa Sh95.

2. Fedha iliyoingia benki bado si mtaji.

Fedha ya maombi hukaa katika akaunti ya benki inayopokea, na mpaka hisa zigawiwe ni deni la kampuni kwa waombaji. Andikeni debiti benki ya maombi na krediti deni la maombi ya hisa. Siku ya ugawaji ndipo deni linahamia kwenye mtaji na premiamu. Kama wanahisa wameomba hisa za ziada na benki imekusanya Sh bilioni 3.24, ile milioni 240 inarudishwa, haiwi premiamu hata ikilala benki mwezi mzima.

Na msidanganywe na taarifa ya benki. Benki inapokea bilioni 3, inakata ada yake ya milioni 30, inaleta Sh bilioni 2.97, na mtu anaandika mtaji kwa kiasi kilichofika. Hisa zimetolewa kwa bilioni 3. Milioni 30 ni gharama ya utoaji na inaandikwa kwa jina lake, hata kama hakuna aliyeandika hundi.

3. Gharama za utoaji hukatwa kwenye mtaji wa wanahisa.

Tuseme ada ya benki, wakili, dalali mkuu na uchapaji wa waraka vimefika Sh milioni 90. Kwa mujibu wa Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 32, gharama hizi hazipiti kwenye taarifa ya mapato; zinadebiti premiamu, nayo inabaki Sh bilioni 1.66. Sharti ni kwamba gharama iwe imesababishwa moja kwa moja na utoaji wa hisa, kiasi kwamba bila utoaji isingekuwepo. Hapa ndipo mameneja wanapokuwa wachangamfu kupita kiasi. Niliwahi kuletewa orodha yenye sehemu ya mshahara wa mhasibu mkuu na mafuta ya gari kwenda Dar es Salaam kwa kikao cha bodi ambacho kingefanyika hata hivyo. Mshahara ungelipwa vilevile. Unabaki kuwa gharama ya mwaka.

Mwaka ukifungwa wakati wakili ameshalipwa lakini hisa hazijatolewa, gharama yake inasubiri kwenye mizania kama malipo ya mbele. Utoaji ukiachwa, inakwenda yote kwenye taarifa ya mapato, na kabla ya kuiacha isubiri ombeni azimio la bodi linaloonesha kwamba utoaji bado upo.