Mdhamini au mthamini? Makosa ya tahajia yanayobadilisha mkataba

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kusoma rasimu za mikataba kabla hazijatiwa saini. Tangu mwaka 2021, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, iliporekebishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama hapa Tanzania, rasimu za Kiswahili mezani kwangu zimeongezeka. Nyingi zina makosa ya tahajia, na mengi kati yake hayamdhuru mtu: ukiandika "mkatba", kila msomaji atajua ulitaka kusema nini. Yanayoninyima usingizi ni yale ambayo neno lililokosewa linabaki kuwa neno halali la Kiswahili. Nitayaeleza kwa rasimu moja tu, kwa sababu karibu kila ninalotaka kusema lilikuwamo humo.

Ulikuwa mkataba wa mkopo. Mkopaji aliweka nyumba rehani, mjomba wake akamdhamini, na thamani ya nyumba ilikadiriwa na mthamini. Rasimu ilipita mikononi mwa watu watatu kabla ya kunifikia, kila mmoja akiongeza vifungu vyake na kunakili vingine kutoka mikataba ya zamani. Kifungu cha tisa kilisomeka hivi: "Mdhamini atawajibika kwa hasara itakayotokana na makadirio yasiyo sahihi ya dhamani ya nyumba."

Nilikisoma mara mbili nikakiacha kipite, maana sentensi ilisimama vizuri. Aliyekiona ni yule mjomba, siku tuliyowaita wahusika wapitie rasimu. Aliweka kidole kwenye mstari akauliza: "Dada, mimi nimekuja kumdhamini mtoto wa dada yangu. Hapa nawajibika kwa makadirio ya nani?" Aliuliza swali sahihi. Mwandishi alikusudia "Mthamini", yaani mtaalamu anayekadiria thamani ya mali, ambaye kazi yake ina sheria yake ya mwaka 2016. Herufi moja ilikuwa imeuhamisha mzigo wa mtaalamu na kumtwika ndugu aliyekuja kusaidia.

Kosa hili lilijificha kwa sababu Kiswahili kwa kawaida hutulinda kwa upatanisho wa kisarufi: ukikosea nomino, mara nyingi viambishi vya kitenzi vinakusuta. Lakini mdhamini na mthamini wote ni wa ngeli ya watu, kwa hiyo "atawajibika" inawakubali wote wawili bila kinyongo. Kikagua tahajia cha kompyuta nacho kinakaa kimya juu yao, kwa kuwa yote mawili ni maneno halali. Na katika mkataba wa mkopo wote wawili wana nafasi yao, hivyo hata muktadha haukupi ishara upesi.

Sasa tazama "dhamani" iliyomo katika sentensi hiyohiyo. Hapo walau neno limeharibika waziwazi, ila limeharibika katikati ya maneno mawili: mwanzo wake ni wa "dhamana", mwisho wake ni wa "thamani". Makadirio ya thamani yanaeleweka. Lakini katika kifungu cha kumi na moja nilikuta "mkopeshaji atashikilia dhamani ya nyumba hadi deni liishe", na pale ilikuwa dhamana. Mtu anayesahihisha kwa kubadilisha "dhamani" yote kuwa "thamani" kwa mkupuo mmoja angekiharibu kifungu cha kumi na moja huku akidhani ameokoa rasimu nzima.

Chanzo ni sikio. Wengi wetu tumekulia katika lugha zisizo na sauti za dh na th, na tunaandika tunavyotamka: dhamana inakuwa "zamana", thamani inakuwa "samani". Hii ya mwisho ni hatari kuliko zote, kwa sababu samani ni viti, meza na makabati. Katika kiambatisho cha rasimu ileile paliandikwa "samani ya nyumba itathibitishwa kwa ripoti". Msomaji wa kesho anaweza kudai kwamba rehani ilijumuisha na vyombo vya ndani. Na hapa pia upatanisho hausaidii, kwa kuwa samani na thamani ni za ngeli moja.

Ndiyo maana sasa, kabla sijasoma rasimu yoyote ya mkopo au rehani, ninaandika kwenye karatasi maneno pacha yanayoweza kutokea: mdhamini na mthamini, dhamana na thamani, thamani na samani. Kisha ninatafuta kila moja katika faili, na kila linapotokea ninajiuliza swali moja tu: ni nani au ni kitu gani kinachotajwa hapa? Sisomi sentensi kwa mtiririko, kwa sababu mtiririko ndio ulionidanganya katika kifungu cha tisa. Ninamaliza kwa vitenzi vyenye h ya ukanushi. "Atawajibika" na "hatawajibika" ni maneno halali yote mawili, na mtu asiyetamka h anaweza kuidondosha bila kusikia tofauti. Kwa vitenzi hivi ninahitaji mtu wa pili. Mimi ninamweleza kwa maneno yangu kila kifungu kinataka nini, yeye anafuata kwenye karatasi na kuniambia kama kilichoandikwa kinasema hivyo.

Suala la kutenganisha maneno lina madhara ya namna nyingine. Wengi huona "asipo lipa" ni kosa la mwanafunzi ambalo halimpotezi msomaji. Ni kweli halimpotezi msomaji, lakini linaipoteza kompyuta. Katika rasimu ile wahusika walikubaliana muda wa kulipa uongezwe kutoka siku kumi na nne hadi ishirini na moja. Kulikuwa na muda mwingine wa siku kumi na nne ambao haukutakiwa kuguswa, kwa hiyo mwenzangu alitafuta maneno "asipolipa ndani ya siku kumi na nne" na kubadilisha kila yalipotokea. Yalibadilika mahali patatu. Mahali pa nne paliandikwa "asipo lipa", na utafutaji ukaparuka. Mkataba ukabaki na muda wa aina mbili kwa deni lilelile.

Kanuni yenyewe si ngumu, ila ina sehemu mbili na watu wengi wameshika moja. Kirejeshi au kiambishi cha masharti kinachofuatwa na shina la kitenzi huungana nalo: asipolipa, atakapokabidhi, aliyekopa, yasiyolipwa. Lakini kikifuatwa na "na", au na nomino, kivumishi au kielezi, kinasimama peke yake: aliye na deni, asiye mmiliki, iliyo katika kiambatisho, makadirio yasiyo sahihi. Kwa hiyo katika kifungu chetu cha tisa "yasiyo sahihi" ilikuwa imeandikwa vema. Kijana mmoja aliyeambiwa kwamba "yasiyo" huungana na neno linalofuata aliziunganisha zote na kutuletea "yasiyosahihi" na "aliyena". Ninaona makosa ya namna hii mara nyingi: mtu anasahihisha kwa kanuni nusu, na rasimu inazidi kuharibika.

Kwenye LibreOffice Writer ninafungua kisanduku cha kutafuta na kubadilisha, ninawasha utafutaji wa ruwaza, kisha ninaweka hii:

```
\b(asipo|wasipo|isipo|atakapo|itakapo|yasiyo|aliye|atakaye)\s+\w+
```

Inaonyesha kila mahali ambapo maneno hayo yamefuatwa na nafasi. Itaonyesha pia "aliye na" na "yasiyo sahihi", ambayo ni sawa. Kwa sababu hiyo ninaitumia kutafuta tu, na kila badiliko ninalifanya kwa mkono. Viambishi vingine unaweza kuviongeza kadiri rasimu yako inavyovitumia.

Maneno mengine ya mkataba hayahitaji kufikiriwa sana, ni ya kukariri. Isipokuwa, ijapokuwa, iwapo na endapo ni neno mojamoja. Kwa kuwa, kwa sababu, kwa niaba, kwa mujibu na hata hivyo ni maneno mawilimawili. Mwanahisa ni neno moja, na ukiandika "mwana hisa" ukurasa unaofuata, utafutaji wako umeshavunjika tena.

Maneno tuliyoyachukua kutoka Kiingereza yanaleta tatizo lake. Mwandishi wa hati za sheria hujifunza mapema kwamba kitu kimoja kitajwe kwa neno moja, kwa sababu msomaji wa sheria akikuta maneno mawili hudhani ni vitu viwili. Rasimu yetu ilifafanua "Notisi" katika kifungu cha tafsiri: lazima iwe ya maandishi, na ikabidhiwe kwa mkono mpokeaji akitia saini. Baada ya hapo kifungu cha tano kilisema "notis", cha nane "taarifa", na cha kumi na mbili, kile kinachoruhusu nyumba kuuzwa, kilidai "ilani ya siku thelathini". Ile "notis" ni kosa la tahajia tu, na hakuna atakayebishana nayo. "Ilani" si kosa la tahajia, na hapo ndipo ubishi unapoanza. Je, ilani nayo lazima iwe ya maandishi? Lazima isainiwe? Wakili wa mkopeshaji anaweza kusema kwamba kama wahusika wangetaka masharti ya Notisi wangetumia neno hilo, kwa kuwa wanalijua na wamelifafanua wenyewe. Mwenye nyumba angejikuta anatetea paa lake kwa kubishania msamiati.

Mimi huchagua "notisi". Ilani inabeba pia maana ya tangazo la hadharani, na Watanzania wengi wakiisikia wanafikiria ilani ya uchaguzi. Taarifa nayo ni pana mno, maana hata habari ya simu ni taarifa. Lakini kama mteja anapenda ilani, sina ugomvi naye, mradi iwe ilani tangu kifungu cha tafsiri hadi kiambatisho cha mwisho.

Palikuwa pia na "wakala", "ajenti" na "agenti" kwa mtu yuleyule aliyetumwa kukusanya marejesho. "Agenti" naikataa moja kwa moja, kwa kuwa g ya Kiswahili husomwa kama ya "gari" popote ilipo. Kwa sababu hiyohiyo naandika rejista, si "regista". Kati ya ajenti na wakala nilichukua wakala, neno ambalo mkopaji analitumia kila siku.

Ikiwa mkataba umeshasainiwa ndipo kosa likaonekana, usilifute kimyakimya kwenye faili na kuchapa ukurasa mpya, hata kama ni herufi moja. Kati ya mdhamini na mthamini, herufi hiyo moja ni badiliko la wajibu. Andika hati fupi ya marekebisho inayotaja kifungu, neno lililokuwapo na neno jipya, na wote waliosaini mwanzo wasaini tena. Sisi tulikuwa na bahati kwamba mjomba alisoma kabla ya saini. Tulibadilisha kifungu cha tisa mbele yake, akaomba nimsomee chote tena kwa sauti, kisha akaniuliza kama mthamini naye ataambiwa kwamba jina lake sasa liko pale. Ilibidi tumpigie simu.